Maneno ya Tamar kabla ya kuinua glasi, harusi ya Daudi na Mghoi, Karen, Nairobi

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Wale wa chini ya mti? Sawa. Wazee wangu shikamooni, Baba Mghoi, Mama Mghoi, wajomba na mashangazi mliotoka Wundanyi usiku na basi, nyinyi mliopanda kutoka Mombasa, wa Haifa, Israeli, mliofika jana na bado mna usingizi, na Safta, nyanya yetu, hapo mbele aliyekataa kukalia kiti cha plastiki, karibuni wote. Mimi naitwa Tamar, ni binamu yake Daudi, tumelelewa pamoja hapa Nairobi na nikisema tumelelewa pamoja namaanisha nimempiga sana. Emsii amenipa dakika kumi na amesema ataangalia saa.

Kazi niliyopewa ni ya kuwaeleza maneno mawili tu ya sisi Wayahudi, mazel tov na l'chaim, kwa sababu tangu asubuhi mnayasikia, mmeyaona kwenye kadi, na kuna anti mmoja ameniuliza kama mazel tov ni jina la mtu maana kila mtu anamwita.

Tuanze na ile glasi basi. Wote mmeona, Daudi amewekewa glasi chini imefungwa kwenye leso, chini yake kibao kwa sababu nyasi za hapa ni laini, akakanyaga mara ya kwanza ikateleza, akakanyaga ya pili ikapasuka, halafu upande wetu wote tukapiga kelele MAZEL TOV. Na mjomba wa bibi harusi, Mungu ambariki, akasimama kuuliza nani ameangusha kitu, alikuwa tayari kulipa! Mjomba, kaa utulie, haikuanguka, inavunjwa makusudi. Watu wengi wanasema ni kukumbuka Hekalu la Yerusalemu lililobomolewa na Warumi mwaka 70, yaani hata siku ya furaha kubwa hatusahau kwamba kuna kitu kilivunjika. Lakini kwenye Talmudi, kile kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi, kuna kisa ninachokipenda zaidi. Rabi mmoja alikuwa anamwozesha mwanawe, akaona wenzake marabi wamechangamka kupita kiasi, akaleta kikombe cha thamani ya zuzi 400, zile sarafu za fedha za zamani, akakivunja mbele yao, wote wakanyamaza. Sasa ile hati ya ndoa mliyoona Daudi na Mghoi wanasainiwa leo, tunaiita ketuba, kiwango cha zamani alichoandikiwa msichana ndani yake kilikuwa zuzi 200. Kwa hiyo mzee alivunja kikombe cha thamani ya ketuba mbili kunyamazisha wageni. Emsii, wewe una maiki tu, shukuru.

Sasa mbona glasi ikivunjika tunafurahi? Hilo nimeulizwa na wengi, na jibu ni kwamba ule ndio mlio wa kumaliza, ukishausikia ujue shughuli ya chini ya kile kitambaa kilichotandazwa juu ya vichwa vyao imeisha, hawa tayari ni mke na mume. Na mazel tov ni neno la jambo lililokwisha kutokea, ndiyo hongera yetu. Kosa ambalo watu wengi hufanya ni kulitumia kama kila la heri, mtu anaenda mtihani kesho unamwambia mazel tov, hapana bwana, mtihani hajafanya unampongeza nini? Mpe akirudi amefaulu.

Ukilifungua lenyewe, tov ni njema, hilo rahisi. Mazel ndiyo tamu. Ni neno la Kiebrania, mazal, na maana yake ya zamani ni nyota, zile nyota kumi na mbili za falaki, na ukienda kule Beit Alfa kaskazini mwa Israeli kuna sakafu ya sinagogi la karne ya 6 imechorwa kwa vijiwe vya rangi, mizani, nge, kaa, samaki, zote kumi na mbili zimezunguka duara na majina yake kwa Kiebrania. Halafu neno likahama pole pole kutoka nyota ya juu hadi bahati ya mtu. Wa Mombasa naona mnacheka, maana nyinyi hamhitaji mimi niwaeleze, mtu akifanikiwa si mnasema ana nyota, kazaliwa na nyota ya jaha? Basi ndiyo hiyo hiyo. Nyota njema. Mimi hongera naiona sawa kwa matumizi lakini nyota njema ndiyo inagusa mle ndani kabisa. Ila msije mkaenda kwa mganga kusafisha nyota mkasema Tamar ametuma, maana marabi wenyewe walibishana kuhusu hilo, mmoja akasema nyota ndiyo inampa mtu akili na mali, mwingine akasema Israeli hana nyota, mambo yake yako kwa Mungu moja kwa moja, na ubishi huo umeandikwa wote kwenye Talmudi, ukurasa mmoja, hakuna aliyefutwa. Sisi ndivyo tulivyo. Mghoi, umeolewa kwa watu wa kubishana, karibu.

Matamshi msiumize kichwa. Safta anasema MAzel kwa sababu nyumbani kwao walizungumza Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, hawa wa Haifa wanasema maZAL, wanavutia mwisho. Mkisema vyovyote tutaitika.

Na leo usiku mhudumu akiangusha sahani, pigeni kelele mazel tov, Israeli wanafanya hivyo hata hotelini, maskini ya Mungu mhudumu anaona aibu na ukumbi mzima unampongeza.

Moja zaidi hapa kisha naacha. Wafanyabiashara wa almasi, kuanzia Antwerp kule Ubelgiji mpaka Ramat Gan kule Israeli, wakikubaliana bei wanapeana mikono na kusema mazal u-brakha, bahati na baraka, na hata kama mmoja wao si Myahudi kabisa, ni Mhindi au Mbelgiji, atasema maneno hayo hayo. Ukishasema, umeuza. Hakuna kurudi nyuma kesho eti nimefikiria tena. Daudi unanisikia? Sawa.

Ah, na nyinyi mashangazi, hili la muhimu. Miezi ijayo mkianza kumwangalia Mghoi tumbo, kama ninavyowajua mtaanza wiki ijayo, msimwambie mazel tov akiwa na mimba. Kwetu mama mjamzito anaambiwa be-shaa tova, yaani kwa saa njema, iwe wakati wake ukifika. Mazel tov inasubiri mtoto alie. Nadhani hata Taita mtoto hasherehekewi kabla hajafika, nimeona Mama Mghoi anatikisa kichwa kukubali, basi tumeelewana.

Sasa l'chaim. Hiyo ch si ya chapati, ni kh, ile ya khanga kwa watu wa Pwani, ya khamsini, inatoka kooni, le-kha-IM. Nyinyi wa bara jaribuni tu, ikitoka le-haim inapita. Wote mara moja nisikie… Ala! Upande wa Mombasa mmewashinda hata jamaa zangu.

Le ni kwa, khaim ni maisha, uhai. Kwa uhai! Na hai yenu hii ya Kiswahili, uhai, hai, hayati, ambayo imetupitia kutoka Kiarabu, ni ndugu wa damu na khai ya Kiebrania, Kiarabu na Kiebrania ni ukoo mmoja, kwa hiyo mlikuwa mnasema nusu ya neno miaka yote bila kujua. Halafu tazameni hili, khaim kwa Kiebrania ni la wingi, halina umoja, huwezi kusema maisha moja, na maji pia, mayim, ni wingi vile vile. Na sisi kwa Kiswahili? Maisha. Maji. Hakuna isha, hakuna ji. Hilo nililigundua nikiwa darasa la sita nikamwambia mwalimu akaniambia nikae chini.

Herufi za Kiebrania pia ni namba, na herufi mbili za khai ni 8 na 10, jumla 18. Ndiyo maana bahasha nyingi kutoka upande wetu mtazikuta zina elfu 18 na siyo 20, siyo kwamba watu wamechomoa elfu mbili za teksi. Mtu anampa mwenzake uhai. Na ikiandikwa kwa herufi za Kizungu inasomeka chai, lakini hii siyo chai ile ya trafiki, mjomba, ukipewa unaruhusiwa kuipokea hadharani.

L'chaim tunaisema tukishika glasi tangu zamani sana. Rabi Akiva alimfanyia mwanawe karamu, na kila kikombe kilicholetwa akasema divai na uhai vinywani mwa marabi na wanafunzi wao. Kila kikombe! Na kuna sababu nyingine, hii ya upande wa giza kidogo, wale mnaosoma Biblia mnaijua Mithali 31, kabla haijafika kwa mke mwema inasema mpeni kileo yeye aliye karibu kupotea, mwenye uchungu nafsini. Yaani divai ilikuwa pia ya msibani na ya anayekwenda kufa. Kwa hiyo mtu akiinua glasi watu wanataka wajue, hii ni ya kipi? Ndiyo wanajibu kwa sauti: ya uhai.

Na haijali ndani ya glasi mna nini. Kwenye meza kuna divai ya kosher, iliyo halali kwetu, kuna juisi ya zabibu, kuna madafu, kuna maji ya chupa. Waislamu wetu, Wasabato wetu, wa vidonge vya presha, na wewe unayeendesha gari kurudi Rongai, ni l'chaim ile ile.

Nataka tu niseme kitu kwa familia ya Mghoi. Mwaka 1903 Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi nchi kule Uasin Gishu, bila kumuuliza mwenye nchi bila shaka, na miaka miwili baadaye mkutano wa Wazayuni, wale Wayahudi waliokuwa wanatafuta nchi yao, ukakataa. Nusura tuwe Eldoret na leo Daudi angekuwa anakimbia marathoni, mnamwona mwili wake, angekuwa wa mwisho. Wachache tukabaki hapa Nairobi, na hatukupewa kitu, tulikaribishwa na majirani, na leo nyinyi mmetukaribisha mpaka ndani, mmetupa binti. Asanteni. Mghoi alipokuja kwa Safta mara ya kwanza alipewa samaki wa kusagwa, wale wa baridi wenye sukari, akala wote, akaomba tena, na usoni nikaona machozi yanamlenga. Safta hajui mpaka leo. Sasa amejua.

Emsii ananionyesha saa. Simameni, anayeweza, Safta wewe kaa. Glasi juu, macho kwa mwenzako siyo kwa simu. Kwa kilichofanyika leo, tatu, nne: MAZEL TOV!

Na kwa kuanzia kesho, Daudi, Mghoi, muishi mpaka mchokane na msichokane: L'CHAIM!

Haya kunyweni. Pilau iko kule kulia, foleni moja jamani, wazee kwanza.