Yah: Ombi la kituo cha zimamoto, haidranti na njia ya magari ya zimamoto eneo la Soko Kuu

Umoja wa Wenye Maduka wa Soko Kuu
Ofisi ya Umoja, chumba namba 4, upande wa stendi
12 Januari 2026

Mkurugenzi wa Mji,
Halmashauri ya Mji.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunakuandikia kwa niaba ya wanachama 212 wenye fremu ndani na pembezoni mwa Soko Kuu. Barua hii ilipitishwa katika mkutano wetu wa tarehe 4 Januari. Tumeiwahisha makusudi, kwa kuwa ndiyo wiki ambazo ofisi yako inaandaa bajeti ya 2026/27, na ombi likifika baada ya Baraza la Madiwani kupitisha bajeti hubaki kwenye faili hadi mwaka unaofuata.

Moto wa usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 23 Novemba 2025 unaujua, na siku ya pili yake ulifika kutupa pole. Ahsante. Chanzo chake tunawaachia wanaochunguza. Tunachotaka kukuonyesha ni saa zake, maana tulikaa na walinzi, wapigaji simu na majirani tukaziandika moja moja kabla watu hawajasahau.

Saa 8:15 usiku mlinzi wa safu ya kati aliona moshi ukitoka chini ya mlango wa fremu ya magodoro. Akagonga rimu ya gari iliyoning'inizwa langoni, ile tunayoitumia kama kengele. Saa 8:19 simu ya kwanza ikapigwa 114, ikapokelewa mara moja. Saa 8:40 moto ulikuwa bado kwenye fremu mbili tu. Vijana wa bodaboda walikuwa wameshavunja kufuli na wanamwaga maji kwa ndoo, lakini godoro likishika moto halizimwi kwa ndoo, na moshi wake haukai nao mtu. Gari la zimamoto lililotoka makao makuu ya mkoa, kilomita 48 kutoka hapa, lilifika saa 9:31. Wakati huo fremu 5 zinawaka.

Hapo ndipo tulipodhani tumepona.

Gari likaingia njia ya Msikitini, mita thelathini hivi, likakwama. Kushoto kuna baraza la saruji la duka la vifaa vya ujenzi, kulia nguzo za paa la mabati ambalo mwenye duka la vyombo alilisogeza mbele mwaka juzi. Dereva akashuka akatazama huku na huku, akapanda tena, akarudi kinyumenyume akiongozwa na tochi ya simu. Likazungushwa hadi upande wa stendi, mipira ikavutwa mbali, maji yakaanza kutoka karibu saa 9:52. Askari wale walifanya kazi kweli, hilo tunataka liandikwe. Lakini gari lenye lita 5,000 likifungua mipira miwili ya lita 450 kwa dakika, hesabu yake hata mwanafunzi wa darasa la tano anaipiga: dakika tano na ushei, tangi tupu. Hapakuwa na pa kujazia. Bomba la mtaa usiku ule lilikuwa kwenye mgao. Gari likaenda mtoni, kilomita 6, likarudi saa 10:40. Fremu zilizoteketea hadi kunakucha ni 14.

Kwa hiyo fremu 9 kati ya hizo ziliungua gari la zimamoto likiwa limeshafika mjini. Tunaomba namba hiyo isomwe taratibu kwenye kikao chochote kitakachoijadili barua hii.

Hatukuzika mtu, alhamdulillahi. Kijana mmoja aliungua mikono akitoa cherehani za mama mmoja fundi. Alitoa tatu kati ya saba, na mama huyo sasa anashonea barazani kwa dada yake. Hasara tuliyoandikishana wenyewe ni shilingi milioni 386. Waliokuwa na bima ni wawili.

Hatusemi kwamba soko letu lina bahati mbaya kuliko mengine. Kariakoo iko katikati ya Dar es Salaam, na jengo la soko lake liliungua usiku wa 10 Julai 2021. Miezi sita baadaye, Januari 2022, likaungua soko la Karume. Kama mji wenye magari ya zimamoto ndani yake unapata misiba hiyo, sisi tunaosubiri gari la kilomita 48 tuna cha kujitetea nacho gani?

Tunajua, Ndugu Mkurugenzi, kwamba kituo cha zimamoto si mali ya Halmashauri. Zamani zimamoto ilikuwa chini ya halmashauri. Siku hizi Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liko Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, nalo lina sheria yake ya mwaka 2007. Tunasema hivyo ili tusije tukajibiwa kwa sentensi moja kwamba suala hili si lenu. Askari na gari ni vya Jeshi, lakini Jeshi haliwezi kujenga hewani. Kiwanja kinatoka kwenu, na barua ya kuliita Jeshi likae hapa inaanzia kwenu.

Kiwanja tunacho cha kupendekeza: karakana ya zamani ya Halmashauri. Tumepima kwa miguu na kwa bodaboda, iko mita 900 kutoka lango la stendi, mbele yake ni lami, na hakuna reli wala daraja katikati. Leo inahifadhi matrekta mabovu mawili na mbuzi wa jirani. Ombi letu ni kitengwe rasmi kwa ajili ya kituo, kipimwe, na hati ikabidhiwe Jeshi ndani ya mwaka huu wa fedha. Na kwa kuwa tunajua ujenzi unakula miaka, tunaomba Halmashauri iliombe Jeshi lilete gari moja na askari wa zamu walale hapo kuanzia sasa. Banda la karakana lina paa zima. Vyumba viwili vya kulala na choo tutavikarabati sisi: wanachama wamekubali kuchanga shilingi 50,000 kila fremu, jumla milioni 10 na laki 6, na 14 walioungua tumewasamehe sehemu yao, tutawalipia wengine.

Kuhusu maji. Wazee wa soko wanakumbuka haidranti moja, bomba fupi jekundu lililokuwa nje ya posta ya zamani. Tuliitafuta mwezi uliopita kwa jembe na tukaipata, imefukiwa chini ya kifusi cha barabara, mdomo umeziba kwa kutu. Pengine ndiyo pekee mji huu uliwahi kuwa nayo. Tunaomba Halmashauri ikae na mamlaka ya maji waweke haidranti nne: lango la stendi, kona ya Msikitini, upande wa machinjio na mbele ya safu ya nafaka. Ziwe kwenye bomba kubwa, la milimita 100 au zaidi, maana bomba linalotulisha sasa ni la inchi mbili na likifunguliwa bomba la choo cha soko, mama lishe hapati tone.

Lakini hata bomba kubwa, wakati wa mgao, halitoi kitu. Haidranti isiyo na maji ni nguzo ya kufungia mbuzi, na mbuzi tunao wa kutosha pale karakana. Kwa hiyo tunaomba pia tangi la akiba la lita 100,000 lenye pampu ya dizeli, lijengwe kwenye uwanja wa kupakulia mizigo, na maji yake yasiguswe kwa kazi nyingine yoyote. Kama fedha za mwaka huu hazitoshi kwa yote, anzeni na tangi. Tumejadiliana sana juu ya hili na wengi walitaka kituo kwanza. Hoja iliyowageuza ni ya mlinzi yule yule wa safu ya kati: usiku ule gari tulikuwa nalo, maji ndiyo hatukuwa nayo.

Sasa njia, na hapa lazima tuseme ukweli wetu. Njia ya Msikitini haikuzibwa na Halmashauri. Tuliiziba sisi. Mwenye baraza ni mwanachama wetu, mwenye paa ni mwanachama wetu, na mmoja wa waliotia saini barua hii amezidisha ngazi ya duka lake kwa hatua moja na nusu. Tulipima kwa futi kamba: kwenye ramani njia ni mita 6, leo sehemu nyembamba kabisa ni mita 2.2. Gari la zimamoto lina upana wa mita 2.5 bila vioo.

Mkutano umeazimia kwamba kila mwanachama arudishe mbele ya duka lake hadi kwenye mstari wa ramani, kwa gharama yake, kabla ya tarehe 31 Machi 2026. Tunachoomba kwenu ni watu wa mipango miji waje kuchora mstari huo kwa rangi, ili pasiwepo wa kusema jirani yake kaachiwa. Tunaomba njia mbili, ya Msikitini na ya Nafaka, ziwe wazi mita 4 wakati wote na zitokeze upande wa pili, gari lisilazimike kurudi nyuma. Kwa kuwa barabara hizo zinahudumiwa na TARURA, tunaomba kona ya machinjio iingizwe kwenye mpango wao, ipanuliwe ili gari refu liweze kukata.

Na tafadhali, kazi hii isigeuzwe operesheni ya kuwafukuza wamachinga. Meza ya machinga inabebwa na watu wawili kwa dakika moja, na usiku haipo. Baraza la saruji ndilo halibebeki. Tumeongea na viongozi wao, wako tayari kuhamia upande mmoja wa njia mkiwachorea nafasi.

Kwa upande wetu, mitungi ya kuzimia moto imeshanunuliwa 40, kila safu ina watu wawili waliofundishwa kuitumia, na nakala za funguo za malango yote zipo kwa mlinzi wa zamu badala ya kulala nyumbani kwa katibu kama zamani.

Tunaomba kikao nawe, pamoja na mhandisi wa maji na afisa wa zimamoto wa mkoa, kabla ya tarehe 30 Januari. Tungependa kifanyike sokoni, asubuhi kabla ya saa mbili, tutembee wote njia ya Msikitini kwa miguu. Chai itakuwepo.

Wako katika ujenzi wa mji,

Mwenyekiti
Katibu
Mwakilishi wa waliounguliwa
Umoja wa Wenye Maduka wa Soko Kuu

Viambatisho: ramani ya soko iliyochorwa kwa mkono yenye vipimo vya njia, orodha ya saa za tukio la 23 Novemba, muhtasari wa mkutano wa 4 Januari na saini 187.

Nakala: Mkuu wa Wilaya, Kamanda wa Zimamoto na Uokoaji wa Mkoa, Diwani wa Kata, Mwenyekiti wa Mtaa wa Sokoni.