Kuhara kwa mtoto: Mpango A, B na C

Muhtasari wa mhadhara wa Jumatatu. Afya ya Mtoto, mwaka wa 2.

Karatasi hii ni ya wenzetu wenye disleksia, lakini yeyote anaweza kuichukua.
Slaidi zilikuwa 41. Hapa yamebaki yale utakayoyahitaji wodini.
Kila sehemu inajitegemea. Anza popote.

Anza kwa kumtazama mtoto

Mpango huchaguliwa kwa kiasi cha maji ambayo mwili umepoteza. Angalia vitu 4: hali yake, macho, jinsi anavyokunywa, na ngozi ya tumbo.

Finya ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu. Achia. Hesabu.

Mpango C (pinki): hali mbaya. Dalili 2 au zaidi:
- amelegea sana au hajitambui
- macho yamezama
- hawezi kunywa, au anakunywa kwa shida
- ngozi inarudi baada ya zaidi ya sekunde 2

Mpango B (njano): hali ya kati. Dalili 2 au zaidi:
- anahangaika, analialia
- macho yamezama
- ana kiu, anakunywa kwa pupa
- ngozi inarudi polepole

Mpango A (kijani): dalili hazitoshi kumweka B wala C.

Macho yaliyozama yapo B na pia C. Kwa hiyo macho peke yake hayakuambii ni mpango upi.

Hesabu: mtoto wa miezi 10, kilo 8

Mpango A. Anatibiwa nyumbani. Chini ya miaka 2: mililita 50 hadi 100 za ORS kila baada ya kuhara. Miaka 2 na zaidi: mililita 100 hadi 200. Aendelee kunyonya na kula.

Mpango B. Anatibiwa kituoni kwa saa 4. ORS ni mililita 75 kwa kilo.

75 × kilo 8 = mililita 600
600 ÷ saa 4 = mililita 150 kila saa

Kijiko cha chai ni mililita 5. Kijiko 1 kila dakika 2 ni vijiko 30 kwa saa, yaani mililita 150. Mwonyeshe mama kijiko chenyewe, usimtajie mililita.

Akitapika, subirini dakika 10. Kisha endeleeni, polepole zaidi.
Kope zikivimba, simamisha ORS. Mpe maziwa ya mama au maji safi.
Baada ya saa 4, mpime upya na uchague mpango tena.

Mpango C. Dripu ya Ringa Lakteti, mara moja.

Kwanza: 30 × 8 = mililita 240 ndani ya saa 1
Kisha: 70 × 8 = mililita 560 ndani ya saa 5

Huyu ana chini ya miezi 12. Aliyefikisha miezi 12 hupewa kwa haraka zaidi: 30 kwa kilo ndani ya nusu saa, kisha 70 kwa kilo ndani ya saa 2 na nusu.

Onyo: mtoto mwenye utapiamlo mkali hatumii hesabu hizi. Ana mwongozo wake.

Kwa nini ORS ina sukari?

Utumbo wa mtoto anayehara bado unaweza kufyonza sodiamu, ila sodiamu hupita vizuri ikiongozana na glukosi. Zikipita, maji huzifuata.

Lita 1 ya ORS ina milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi. Namba ni ileile ya Mpango B. Ukishika 75, umeshika vitu 3.

Makosa yanayotokea

Pakiti ya lita 1 ikikorogwa kwenye chupa ya nusu lita, chumvi na sukari huwa mara mbili. Maji hayo huvuta maji ya mwili kuingia utumboni. Kuhara huzidi, na sodiamu ya damu hupanda. Kuongeza sukari ili mtoto apende nako huongeza kuhara.

Chupa ya lita 1 na nusu ina kosa la kinyume: mtoto anakunywa maji mengi, chumvi alizopoteza hazirudi zote.

Pima lita 1 kamili. Ikipita saa 24, mwaga, koroga nyingine.

Maneno yanayofanana

Mili-lita hupima kimiminika: ORS na dripu.
Mili-gramu hupima uzito wa dawa: zinki.

Kwenye faili huandikwa ml na mg. Herufi ya pili ndiyo tofauti. Weka kidole juu yake unaposoma.

Zinki, mara 1 kwa siku, siku 10 hadi 14

Chini ya miezi 6: miligramu 10, nusu kidonge.
Miezi 6 na zaidi: miligramu 20, kidonge 1.

Kuhara kukikoma siku ya 3, zinki inaendelea. Mama wengi huiacha hapo, kwa hiyo mwambie kabla hajaondoka.

Jipime: mtoto wa miaka 2, kilo 12, Mpango B. Mililita ngapi kwa saa 4? Ngapi kila saa?
Jibu: 900, na 225.