Baba, nicheze wapi?

Osaka, 9 Novemba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, natumaini nanyi hapo Chekereni hamjambo. Mpunga umeendaje? Mwambie mama koti la baridi nimeshanunua, asiwe na wasiwasi.

Barua hii nimempa mwenzangu anayerudi Arusha wiki hii, kwa sababu jambo lenyewe halielezeki kwa simu. Nina mchezo wa igo, ule wetu wa kuzungushia maeneo kwa kete, uliosimama katikati, nami nimekwama.

Ninayecheza naye ni mzee wa miaka 78, kwenye chumba cha igo ghorofani, karibu na stesheni. Ananizidi sana, hivyo ananipa kete nne za kuanzia. Jana tulipofika hapo aliangalia saa, akasema tusimame: anakwenda kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, tutamalizia Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Nikamsimulia kuwa wewe ulifundishwa igo na injinia Mjapani wakati wa kuchimba mifereji ya umwagiliaji, ukachora ubao kwenye plaiwudi na kutumia vizibo vya soda. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Basi muulize baba yako. Nataka kucheza na yeye pia.” Kwa hiyo si wizi, Baba. Ruhusa imetoka kwake mwenyewe.

Toa ubao. Kaa upande wa nyeusi, uhesabu kama ulivyonifundisha: herufi kutoka kushoto tukiruka I, namba kutoka chini.

Nyeusi, zangu, ni 10: D4, D16, Q4 na Q16 kwenye nyota, kisha C3, C6, R8, R17, O17 na K17. Nyeupe ni 7: F3, D2, J3, R11, R14, S16, na ya mwisho, C17.

Hiyo C17 ndiyo iliyoninyima usingizi. Nilikuwa nimetoka kuweka K17, nikiona upande wote wa juu unaanza kuwa wangu, naye bila hata kufikiri akaingia konani, nyuma kabisa ya nyota yangu ya D16. Aliiweka kete taratibu kwa vidole viwili, ikalia kwenye ubao, akajimiminia chai. Zamu ni yangu. Kona najua ataishi tu. Swali ni nimzibe upande gani.

Nikiziba D17, yeye atanyoosha C16, mimi D15, yeye D18, mimi E18, yeye C18, mimi naunga E17. Hapo ana pointi kama kumi za konani, mimi nina ukuta unaotazama K17, na juu kote kunakuwa kwangu. Lakini kati ya ukuta na K17 zinabaki njia nne tu, F mpaka J. Tena zamu inarudi kwake, na najua pa kwenda anapo: O3, kuibana Q4 yangu akisaidiwa na J3.

Nikiziba C16, ukuta wangu unatazama kushoto. Kutoka hapo hadi C6 kuna njia tisa tupu, eneo kubwa ambalo hajaligusa. Ila atatoka na D17, atambae kwenye mistari ya ukingoni kuelekea K17, na ile kete yangu niliyoiweka kwa furaha itabaki inaning’inia.

Mkono wangu unataka D17. Lakini kila nikiufikiria nasikia sauti yako pale barazani: “Usipeleke maji kwenye jaruba lililokwisha kulowa.” Sasa Baba, hilo jaruba la juu tayari limelowa? Nina O17 na K17 pale, lakini bado mtu anaweza kuruka ndani. Au ni nusu tu, na nikiliacha leo litakauka? Nimekaa na karatasi hii usiku mzima bila kupata jibu. Kuiacha kona na kwenda kucheza kwingine nimefikiria pia, lakini sitaki kuiona D16 ikifungiwa nje peke yake.

Usinipe jibu la kunionea huruma. Kama unaona kosa lilianzia nyuma, labda ile R8 yangu, niambie. Nami naiona ilikwenda mbali, ikaiacha Q4 wazi chini.

Ukishaamua, mwambie dada anitumie kwa simu herufi moja na namba, inatosha. Sababu zako andika kwa mkono, nitazisubiri hata zikichelewa. Jumamosi hiyo nitaiweka kete pale utakaposema, na nitamwambia mzee imetoka Chekereni.

Mchoro wa ubao nimeukunja humu ndani. Kete zako nimezipaka wino mara mbili ili uzione bila miwani.

Mwanao akupendaye,
Elibariki