Vikumbusho vya maombi: ufadhili 30 Novemba, chuo 15 Januari

Mdogo wangu, hivi ndivyo vikumbusho ulivyoniomba vya maombi yako ya shahada ya uzamili. Viweke kwenye kalenda ya simu, kila kimoja kilie saa 1 asubuhi kabla shughuli hazijakumeza. Ufadhili unafungwa 30 Novemba na chuo 15 Januari, lakini wewe zishike 25 Novemba na 8 Januari. Nimetanguliza yaliyo mikononi mwa watu wengine. Insha unaweza kuiandika usiku wa manane ukitaka. Msajili huwezi kumwamsha akakupigie muhuri.

10 Septemba: matokeo na vyeti
Nenda ofisi ya msajili ukaombe taarifa rasmi ya matokeo. Uliza kama wanaituma wenyewe chuoni au wanakupa kwenye bahasha iliyofungwa. Ikiwa ni bahasha, omba mbili: moja ya kufungua na kuskani, nyingine usiiguse. Siku hiyohiyo omba nakala za vyeti zilizothibitishwa.

Pasipoti yako ina majina matatu, cheti cha sekondari kina mawili. Tengeneza hati ya kiapo sasa hivi, usingoje mtu akuulize.

12 Septemba: mtihani wa Kiingereza
Matokeo ya IELTS yanatambulika kwa miaka 2, na yako yanaisha 6 Desemba. Kwa ufadhili yatafaa, ila chuo kinataka yawe hai siku ya kufunga maombi, na 15 Januari yatakuwa yameshapitwa. Lipia mtihani mpya wa mwezi Oktoba. Hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, maana nafasi za mtihani hujaa.

20 Septemba: wapendekezaji
Unahitaji wawili: mwalimu aliyesimamia utafiti wako, na msimamizi wako kazini. Usimwendee profesa mwenye jina kubwa asiyekukumbuka. Barua yake itasema ulihudhuria vipindi, basi. Waombe kwanza, ndipo uandike anwani zao kwenye mfumo wa maombi. Kwa mwalimu, andika hivi:

"Shikamoo, Mwalimu. Ninaomba ufadhili wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na ningeshukuru sana ukikubali kuniandikia barua ya mapendekezo. Mwisho wa kuipokea ni 30 Novemba. Ningefurahi ikiwa tayari kufikia 10 Novemba. Ukiridhia, nitakutumia wasifu wangu, rasimu ya insha na muhtasari wa utafiti ulionisimamia. Kama nafasi haitoshi, nitaelewa kabisa."

Hiyo sentensi ya mwisho usiifute. Afadhali akatae Septemba kuliko anyamaze Novemba.

5 Oktoba: insha, rasimu ya kwanza
Usianze na "Tangu utotoni nilitamani". Anza na lile daftari la kliniki uliloniambia, ambalo wajawazito waliandikwa mara mbili na hakuna aliyejua nani amekosa chanjo. Eleza ulilipanga upya vipi, nini kilibadilika, na ni ujuzi gani ulikukwamisha usiende mbali zaidi. Hapo ndipo kozi inapoingia, kwa majina ya masomo yake, si kwa sifa za chuo. Mwisho ni maneno 500. Andika hata 800, tutapunguza.

19 Oktoba
Nitumie rasimu. Mpe pia mtu asiye wa afya. Akikwama mahali, paandike upya. Insha ya chuo ni nyingine: wafadhili wanauliza utaifanyia nini elimu hiyo, chuo kinauliza kama utayamudu masomo. Usinakili moja kwenda nyingine, maana jina la taasisi ya kwanza hubaki aya ya tatu.

3 Novemba: kuwakumbusha wapendekezaji
Ingia kwenye mfumo uone kama barua zimepokewa. Kama bado, andika ujumbe mfupi wa heshima, na umwombe kila mmoja atazame kwenye spamu, kwani kiungo cha mfumo hupotelea huko. Rudia tarehe 10. Tarehe 17 piga simu.

22 Novemba: mafaili
Kila hati iwe PDF isiyozidi MB 2, kurasa zimesimama wima, muhuri unasomeka. Yape majina yanayoeleweka. `scan0047.pdf` haimwambii mtu kitu. Fungua kila faili baada ya kulipakia.

25 Novemba: tuma ufadhili
Soma fomu yote mara moja kwa sauti, kisha bonyeza. Ile saa 23:59 iliyoandikwa pale ni ya UTC, si ya ukutani kwako. Hifadhi namba ya maombi, unitumie picha ya uthibitisho.

1 Desemba: rudi kwenye chuo
Pakia matokeo mapya ya IELTS. Hakikisha msajili ameshatuma taarifa yako, kwani sikukuu zikikaribia ofisi hufungwa.

8 Januari: tuma chuo
Lipa ada ya maombi siku mbili kabla. Malipo yasipothibitishwa, fomu hubaki rasimu hata kama umebonyeza kutuma. Baada ya hapo tazama barua pepe kila siku, spamu ikiwemo. Wakiomba hati ya ziada huwa wanatoa siku chache tu.