Ziwa Tanganyika na Uvuvi Wake: Muhtasari wa Ukurasa Mmoja kwa Mtihani wa Kesho

Muhtasari huu umetokana na slaidi 94 za mhadhara na umeandaliwa kwa ajili ya kundi letu la kujisomea la Kibirizi. Picha za mialo na ramani za mabara nimeziacha, kwa sababu mhadhiri alizipita haraka. Mwenye muda mfupi asome hoja ya 2 na ya 3 kwanza, kwani karibu kila swali la kueleza sababu linarudi hapo.

1. Vipimo (slaidi 3–14). Ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670, eneo la kilomita za mraba zipatazo 32,900, na kina cha juu kabisa cha mita zipatazo 1,470, hivyo ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Nchi zinazolimiliki ni Kongo (asilimia 45), Tanzania (41), Burundi (8) na Zambia (6). Rusizi na Malagarasi huingiza maji, na Lukuga ndio mto pekee unaoyatoa, ingawa maji mengi zaidi hupotea kwa mvuke. Anayechanganya mwelekeo wa Rusizi akumbuke kwamba Stanley na Livingstone walisafiri kutoka Ujiji mwaka 1871 kwenda kuutazama, wakakuta unaingia ziwani.

2. Matabaka ya maji (slaidi 15–38). Maji ya juu yana joto na ni mepesi, ilhali ya chini ni baridi kidogo na ni mazito, na kwa kuwa ziwa ni refu sana kwenda chini, tabaka hizi mbili hazichanganyiki zote kwa pamoja katika msimu wowote. Oksijeni hufika mita 100 hivi upande wa kaskazini na mita 200 hivi kusini; chini ya hapo hakuna oksijeni, bali kuna haidrojeni salfaidi, ambayo ni sumu kwa samaki. Mabaki ya viumbe huzama na kuozea huko, kwa hiyo virutubisho hujilimbikiza mahali ambapo mwani hauwezi kuvitumia kwa kukosa mwanga. Swali la kwa nini sehemu kubwa ya ujazo wa ziwa haina samaki linajibiwa kwa aya hii, wala si kwa kutaja uvuvi haramu.

3. Upepo wa kusi (slaidi 39–52). Kati ya Mei na Septemba, upepo kutoka kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, mpaka kati ya tabaka hizo mbili unainama, na maji ya chini yenye virutubisho hupanda juu katika ncha ya kusini. Upepo unapotulia, mpaka huo huyumba huku na huko kama maji ndani ya beseni lililosukumwa, na virutubisho hufikia pia upande wa kaskazini. Mlolongo wa kuandika ni huu: upepo, virutubisho, mwani, planktoni wanyama, dagaa, kisha migebuka. Mchoro wa slaidi ya 44 uchorwe hata kama haukuombwa.

4. Samaki (slaidi 53–70). Dagaa ni spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Mgebuka ni Lates stappersii. Planktoni wanyama hupanda juu usiku na dagaa huwafuata, ndiyo maana uvuvi hufanyika usiku kwa taa, na wakati wa mbalamwezi mavuno hupungua kwa sababu taa hushindana na mwanga wa mwezi.

5. Ongezeko la joto (slaidi 71–83). Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi zaidi, na upepo uleule hushindwa kuyachanganya na ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulipungua kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloashiria upungufu wa samaki wa asilimia 30 hivi. Hata hivyo jibu kamili hutaja pia wingi wa wavuvi na nyavu zenye macho madogo. Kulaumu tabianchi peke yake ni jibu la nusu.

6. Usimamizi (slaidi 84–94). Mkataba wa nchi nne ulisainiwa Dar es Salaam mwaka 2003, na mamlaka ya pamoja ina makao Bujumbura. Tanzania ilisitisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Hoja ya kibiolojia ni kwamba dagaa hukua haraka na huishi muda mfupi, hivyo hata miezi mitatu huwapa nafasi ya kuzaliana. Upande wa pili, andika kwamba kaya za mialoni hukosa kipato katika kipindi hicho.