Shikamoo Mama, leo ni siku yetu

Shikamoo Mama.

Mdogo wangu atakusomea maneno haya jioni, ukishamaliza chai yako. Nimemwomba asiruke mstari hata mmoja.

Leo ni 14 Novemba 2025, na tangu asubuhi watu wananitumia salamu za siku ya kuzaliwa. Nimewajibu wote. Ila nataka wajue kwamba tarehe hii ni ya watu wawili, na jinsi ilivyokuja kuwa yako pia.

Bibi hakuwahi kuandika siku uliyozaliwa. Alikumbuka kwamba ulikuwa mwaka wa Uhuru, 1961, mvua zimeshika, ziwa limeanza kupanda, na maji yamefika kwenye mwembe ambao hayajawahi kuufikia. Basi ukakua ukiujua mwaka wako bila kuijua siku. Tulipokwenda kujiandikisha kitambulisho cha taifa, karani akakuuliza tarehe. Ukanyamaza kidogo, kisha ukasema, "Andika kumi na nne, mwezi wa kumi na moja." Nikakunong'oneza kwamba hiyo ni yangu. Hukunigeukia hata kunitazama. "Najua. Ndiyo siku ninayoikumbuka vizuri. Nilikuwepo."

Kwa hiyo leo umetimiza miaka 64, na mimi 41. Kule mwaloni Kirumba wanakuita kwa jina langu tangu 1984. Wewe ulichukua jina kwangu, ukachukua na tarehe, na sijui kingine nilichowahi kukupa ambacho umekishika kwa furaha kama hivyo viwili.

Watoto wa wenzetu walihesabu mwezi kwa mshahara wa baba. Sisi tulihesabu kwa mwezi wenyewe, ule wa angani. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa dagaa hawatoki, maana taa zao haziwavuti samaki, na nyumbani tunakula ugali kwa mlenda. Giza likiingia, mitumbwi inatoka, nawe unaondoka saa kumi usiku na beseni lako kuwahi bei ya asubuhi. Nikiwa darasa la pili niliulizwa shuleni mwezi una kazi gani, nikajibu unazuia dagaa. Mwalimu alicheka. Wewe nilipokusimulia hukucheka, ulisema nimejibu sawa.

Mikono yako nimeijua kwa harufu mbili, dagaa na limau. Hukunishika usoni kabla ya kunawa kwa limau, hata siku niliyokuwa na homa na kukuita mara tatu. Nilisikia maji yakimwagika uani, nikajua unakuja.

Halafu kuna mvua za El Nino. Hili sijawahi kulisema hadharani, Mama, na naomba uniruhusu. Mwishoni mwa 1997 nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikachaguliwa kwenda shule ya bweni. Ukakopa, ukanunua dagaa wengi kuliko ulivyowahi kununua, ukawaanika. Jua zuri la siku moja lingetosha. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Nakukumbuka umesimama ufukweni na turubai lililochanika, unafunika huku maji yanaingia kule. Wale waliooza ukawauza kwa mtu wa chakula cha kuku, kwa bei ambayo hukututajia, na mpaka leo hujaitaja.

Wiki iliyofuata ulikwenda kugeuza dagaa wa watu kwa malipo ya siku, palepale ulipokuwa na chanja zako, mbele ya wanawake waliokuwa wakikukopa. Nilipita na chakula chako nikaona aibu. Nilikuwa na miaka 13. Nikakiweka kwenye jiwe, nikaondoka bila kukuamkia. Uliniona. Hukuniuliza jioni ile wala siku nyingine yoyote, na kwa miaka hii yote nimekuwa nikisubiri uniulize ili nikuombe radhi. Nimechoka kusubiri. Nisamehe, Mama. Ningepita leo ningekaa kwenye lile jiwe mpaka umalize kula.

Orodha ya shule ilitaka godoro, shuka mbili, ndoo, jembe na sanduku la chuma. Sanduku ulilipata kwa jirani, limeandikwa jina la mwanawe kwa herufi kubwa. Ukalisugua kwa msasa usiku kucha, kisha ukaomba mabaki ya rangi kwa fundi wa mitumbwi. Nikaenda kidato cha kwanza na sanduku la buluu ya mtumbwi, bwenini hakuna jingine la rangi ile. Ndani uliweka mfuko wa dagaa wa kukaanga na pilipili, na bweni zima lilinijua kwa wale dagaa kabla halijanijua kwa jina. Sanduku hilo ninalo hapa Dodoma. Wajukuu zako wanawekea madaftari. Pembeni, ukilisogeza kwenye mwanga, jina la yule kijana linaonekana bado kwa mbali.

Nataka pia niseme kuhusu daftari lako la madeni. Uliishia darasa la nne, na hesabu zako za penseli sijaona mhasibu wa kuzishinda. Siku moja, nikiwa likizo, nilikukuta unafuta ukurasa kwa kifutio, pole pole, mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Nikasema si ungekata tu mstari. Ukaniambia mwenye deni amezikwa juzi, na mstari bado unaonyesha kwamba alidaiwa. Mimi sasa nafanya kazi za fedha, na kila ninaposikia watu wanazungumzia uaminifu, naiona ile karatasi.

Sisemi kwamba wewe ni mpole. Wewe ni mkali, unashika neno lako hata likikuumiza, na mwaka ule tulipogombana juu ya ndoa yangu tulikaa miezi minne bila kuongea. Wewe ndiye uliyepiga simu, saa kumi na moja alfajiri, ukasema neno moja: "Umeamka?" Nikasema nimeamka. Ukasema haya, ukakata. Ndivyo tulivyopatana, na tangu siku hiyo sijawahi kuzima simu usiku.

Mwaka jana ulipotolewa mtoto wa jicho nilikuja kukaa nawe Kitangiri. Usiku wa kwanza baada ya kufunguliwa bandeji ulitaka kukaa nje, kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Wavuvi walikuwa wametoka, taa zimetapakaa ziwani. Ukatazama muda mrefu, kisha ukauliza kwa nini taa ni nyeupe. Ndipo nilipoelewa umeishi miaka mingapi bila kuziona vizuri. Wewe ulikuwa bado na zile za karabai, za manjano. Nikakueleza kwamba sasa wanatumia za sola. Ukasema, "Za zamani zilikuwa nzuri zaidi, lakini hizi nazo nazipenda." Ukaanza kuzihesabu. Ulifika mia na arobaini na kitu, nikasinzia begani kwako, na harufu ya limau bado ilikuwepo ingawa umeacha biashara miaka sita sasa.

Mwezi umepungua sana, giza limeshaingia, kwa hiyo usiku wa leo mitumbwi itatoka. Mdogo wangu akimaliza kukusomea, mwambie akutolee kiti nje na ile khanga nzito. Nimeagiza keki ndogo isiyo na sukari nyingi, italetwa saa moja. Mishumaa nimekataa, najua huipendi.

Na kesho alfajiri, saa kumi na moja, usipige. Nitapiga mimi, nikuulize kama umeamka, nawe uniambie umehesabu taa ngapi.