Karatasi kumi na moja zenye "sm"
(Maneno ya mwalimu wa hesabati kwa Kidato cha Tatu na cha Nne, mstarini, siku tatu kabla ya mtihani wa majaribio)

Assalaam alaykum wanangu. Sogeeni kivulini, walio nyuma wasikie. Jumatatu mnaanza mtihani wa majaribio, na nina jambo limenikaa rohoni.

Juzi usiku nilikaa barazani kwangu, hapa hapa Wete, nasahihisha jaribio la Kidato cha Tatu. Swali la nne liliwapa mfuatano 5, 9, 13, likauliza namba ya kumi ni ipi. Ni 41: unaanza na 5, unaongeza 4 mara tisa. Karatasi kumi na moja zimeandika 45. Kuongeza mara kumi badala ya mara tisa ni kosa la kila siku, silaumu. Lakini zote kumi na moja zimeandika "45 sm", na swali halikutaja urefu wa kitu chochote. Mmoja alighafilika akatia sentimita, wengine kumi wakaangalizia mpaka kughafilika kwake.

Karatasi nyengine ilikuwa na namba zimepangwa pembeni kwa penseli, moja moja, 5, 9, 13, 17, mpaka 41, ikazungushiwa duara. Huyu hakuikumbuka kanuni. Alihesabu kwa akili yake mwenyewe na akapata. Muda ukamwishia, maswali mawili ya mwisho yakabaki meupe. Alama zake 38. Wale wa "sm" wamepita 60, kwa sababu waliyemwangalizia maswali mengine anayajua.

Sasa nataka mjue nini kilimpata mwenzenu huyu, maana mkono wangu umo. Katika jaribio la kabla ya hili niliona darasa karibu lote limefaulu. Nikasema alhamdulillah, wameelewa, nikaihama mada. Yeye aliyekuwa hajaelewa nikamwambia mbele ya wenzake aongeze bidii. Kumbe nusu ya darasa lilikuwa halijaelewa kama yeye, ila yeye peke yake ndiye aliyeniambia ukweli kwa karatasi yake. Mimi sina dirisha la kuchungulia vichwani mwenu. Alama ndizo zinazonionesha nirudie wapi. Mlipoangalizia, mlininyima kurudia somo, na aliyeadhirika ni yule asiyeiba. Nimeshamwomba radhi.

Mtihani wa taifa hali ni hiyo hiyo, tena nzito zaidi. Nafasi za Kidato cha Tano zina hesabu yake. Anayeingia kwa alama za kuazima amekalia kiti cha mtu, na mwenye kiti hatajua kamwe nani amekikalia.

Na wewe unayeangalizia? Nilipokuwa Kidato cha Nne nilikuwa na sahibu yangu, nikimwachia karatasi ya kemia aitazame. Nilidhani ndiyo mapenzi. Tukachaguliwa sote mchepuo wa sayansi. Siku ya kwanza maabara, mwalimu akatugawia pipeti na bureti, kila mtu na meza yake. Nikamwona ameishika pipeti kwa mikono miwili, ananitazama, na mimi niko meza ya tatu. Siwezi kumpa kitu. Kabla mwaka haujaisha aliacha masomo. Mpaka leo tukikutana tunaamkiana vizuri, lakini najua nilimfanyia ubaya nikauita wema. Kwa hiyo nyinyi mnaosogeza karatasi ili mwenzenu aone, nawaombeni, mfundisheni usiku wa kabla ya mtihani.

Mjue pia kwamba wasahihishaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania wanaziona hizo "sm" kama nilivyoziona mimi. Majibu yanayofanana mpaka makosa yanajitangaza yenyewe, na mtahiniwa akibainika, matokeo yake yanafutwa. Miaka minne, na ada ambayo mzee wako ameipata kwa kuchuma karafuu, inakwenda.

Mnaikumbuka hadithi ya Mtume (S.A.W.) na muuza chakula sokoni. Aliingiza mkono ndani ya lundo, vidole vikatoka na unyevu. Juu pakavu, chini pamerowa. Akasema anayeghushi si katika sisi. Nyinyi ni watoto wa Pemba, karafuu iliyokauka juu na mbichi chini mnaijua kwa kuigusa tu. Kidato cha Tano ni huo mkono unaoingia ndani ya lundo.

Leo baada ya sala ya alasiri nitakuwa chumba cha Kidato cha Tatu, narudia mifuatano tangu mwanzo. Aliyeandika "sm" aje na karatasi yake, nitampa swali jipya na sitasoma jina la mtu. Na yule wa penseli nimemwomba aje ubaoni awaoneshe alivyohesabu.

Haya, ingieni madarasani.